Ukitapika, Mswaki Usubiri

Mtu aliyetapika usiku kucha kwa ugonjwa wa tumbo huwa na haja moja kubwa mara tu anapoinuka kwenye karai: kuiondoa ile ladha chungu kinywani. Kwa hiyo hushika mswaki, akatia dawa ya meno nyingi, akasugua kwa nguvu mpaka povu likajaa. Akitapika tena baada ya saa moja, husugua tena. Asubuhi koo linamwaka kama aliyemeza pilipili, meno yanasisimka akinywa maji baridi, naye anadhani maradhi yote hayo yametoka tumboni.

Kwa maoni yangu, sehemu ya maumivu hayo hutokana na yale tunayofanya baada ya kutapika. Mgonjwa akienda zahanati huelezwa, na ni vyema, kuhusu maji mwilini na dawa ya kuhara. Kuhusu kinywa na koo aghalabu haambiwi neno. Maelezo yenyewe hayachukui hata dakika mbili, na kwa sisi tunaoishi Kariandusi, Gilgil, Elementaita na Nakuru yana uzito zaidi kuliko kwingine, kwa sababu ya maji tunayokunywa tangu utotoni. Nitalifikia jambo hilo baada ya kueleza kinachotokea.

Asidi iliyotoka mahali pake

Tumbo la binadamu hutengeneza asidi kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Wanasayansi hupima ukali wa asidi kwa kipimo cha pH, ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi, na kila hatua moja ya kushuka ni ukali mara 10. Mate ya mtu mwenye afya hukaribia 7. Asidi ya tumboni huwa kati ya 1 na 3. Enameli, yaani lile gamba gumu jeupe linalofunika jino, huanza kuyeyuka pole pole kipimo kinaposhuka chini ya takriban 5.5. Kwa hiyo asidi ya tumbo inapopita kinywani huwa imevuka mpaka huo kwa mbali sana.

Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limepakwa ute mzito ndani, na chini ya ute huo kuna magadi asilia yanayoizima asidi kabla haijafika kwenye nyama. Umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hauna kinga kama hiyo. Koo nalo halina. Asidi ikipita mara moja, mate huisafisha na mtu hasikii kitu. Ikipita mara 6 au 8 katika usiku mmoja, pamoja na vimeng'enya vya kusaga nyama vinavyotoka tumboni, ngozi laini ya koo hubabuka. Ndiyo maana tunasikia kule kuwaka, hasa tunapomeza.

Kuna sababu nyingine mbili zinazoongeza uchungu. Ya kwanza ni misuli: kutapika ni kazi nzito, na misuli ya shingo, kifua na tumbo huuma siku ya pili kama ya mtu aliyelima shamba kubwa. Ya pili ni ukavu. Mtu aliyepoteza maji kwa kutapika na kuhara hukosa mate, na mate ndiyo dawa ya kwanza ya kinywa. Yanaizima asidi, yanaisukuma ishuke, tena yana madini ya chokaa na fosfati yanayorudi kwenye jino na kulikaza upya.

Msomaji huenda umegundua kwamba muda mfupi kabla ya kutapika mate hukujaa mdomoni ghafla. Huo ni mwili unaojikinga; unaandaa kinywa kwa asidi inayokuja.

Kwa nini mswaki ni adui kwa saa hiyo

Asidi ikishagusa jino, tabaka la juu kabisa la enameli hulainika. Halijatoka bado, limekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa ambayo haijakauka. Likiachwa, mate yatalirudishia madini yake na kulikaza. Likisuguliwa kwa mswaki wakati huo, hufutika, na kilichofutika hakirudi. Ngozi iliyochunika huota tena na mfupa uliovunjika huunga, lakini mwili hauna njia ya kuotesha enameli mpya kwenye jino lililokwisha kukomaa.

Nisiwatie watu hofu isiyo na msingi. Ugonjwa mmoja wa tumbo wa siku 2 hautayamaliza meno ya mtu. Madhara hujumlishwa: ugonjwa huu, na ule wa mwaka ujao, na mimba iliyokuwa na kutapika kwa miezi 3, na kiungulia cha kila usiku, na soda za kila mchana. Anayesugua meno baada ya kila tukio huongeza hasara yake kila mara. Anayesubiri hupoteza kidogo sana.

Mahali pa kutazama dalili ni upande wa nyuma wa meno ya mbele ya juu, ule unaoguswa na ulimi, kwa kuwa hapo ndipo matapishi hugonga kwanza. Meno yaliyoliwa na asidi huwa laini na ya kung'aa kupita kiasi upande huo, ncha zake hupitisha mwanga kama kioo chembamba, na maji baridi au chai ya moto huyasisimua. Mwenye jino lililozibwa huweza kuona kizibo kimesimama juu kuliko jino lenyewe, kwa sababu jino limeliwa na kizibo kimebaki.

Meno ya Bonde la Ufa

Kila aliyekulia sehemu zetu anayajua meno ya kahawia. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutoa madini ya floridi kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vingi kuanzia Naivasha, Gilgil na Elementaita hadi Nakuru huwa na floridi kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa kikomo. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya utu uzima yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, yaani kabla ya umri wa miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa. Yakiwa na madoa madogo meupe hayana shida yoyote. Yakiwa ya kahawia na yenye vishimo, enameli yake huwa na vitundu vingi ndani na humeguka kwa urahisi kwenye kingo. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Ndiyo sababu Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianzisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoinasa.

Haya yanahusianaje na kutapika? Yanahusiana kwa njia ya mkono unaoshika mswaki. Mwenye meno ya kahawia amezoea kuyasugua kwa nguvu kuliko mtu mwingine, akitumaini kuyafanya meupe. Wapo wanaotumia jivu, mkaa uliosagwa, chumvi ya mawe au mchanga laini. Hapa Kariandusi, ambako kuna machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi, unga wa kusugulia haupo mbali. Diatomaiti ni maganda ya vijimea vidogo mno vya ziwani, na maganda hayo ni silika, aina ile ile ya madini iliyomo katika mchanga na kioo. Ni unga mzuri wa kuchujia vinywaji na wa kung'arisha vyuma. Kwenye jino lililolainishwa na asidi dakika 5 zilizopita, na lililokuwa na vitundu tangu utotoni, ni msasa.

Doa la floridi limo ndani ya jino, halikupakwa juu. Kulisugua hakuliondoi, na kulisugua baada ya kutapika ni kulimegua lile gamba dogo lililobaki.

Kisa cha mama mmoja

Nieleze kisa kimoja kwa ukamilifu, nikiliacha jina. Mama wa miaka 34, muuza mboga kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, alianza kutapika Jumapili saa nne usiku. Mtoto wake alikuwa ametapika siku moja kabla. Kufikia alfajiri mama alikuwa ametapika mara 7 na kuhara mara 3. Kila alipotapika alipiga mswaki. Katikati alinyonya limau ili kukata kichefuchefu, na kulipokucha jirani akamletea soda ya tangawizi. Kutapika kulikoma Jumatatu mchana. Koo likabaki linamuuma hata akimeza mate, na Jumanne akanunua dukani vidonge vya viuavijasumu akidhani ni donda la koo. Alifika kwangu Jumatano.

Hakuwa na homa. Koo lilikuwa jekundu kote, kilimi kimevimba kidogo, lakini hapakuwa na usaha kwenye mafindofindo wala tezi zilizovimba shingoni. Midomo ilikuwa mikavu. Meno yake yalikuwa na mistari ya kahawia, na alisema maji ya mtungi yalikuwa yanayasisimua tangu Jumatatu.

Kitu kilichonipa jibu kilikuwa mpangilio wa matukio. Donda la koo la bakteria huanza na maumivu ya koo na homa. Koo lililounguzwa na asidi hufuata matapishi, halina homa, na huuma kote sawasawa. Viuavijasumu haviwezi kuponya jeraha la asidi. Vingeweza tu kumuongezea kuhara. Tahadhari moja hapa: mtoto mwenye donda la koo la bakteria anaweza kutapika tangu mwanzo, kwa hiyo mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe akaangaliwe, asihukumiwe kwa maelezo ya gazetini.

Mama yule nilimwachisha vidonge, limau na soda, nikampa utaratibu nitakaoueleza sasa hivi. Ijumaa alikuwa akimeza wali bila shida. Kusisimka kwa meno kulichukua wiki moja zaidi kutulia. Hiyo ndiyo kawaida: koo hupona kwa siku 2 hadi 4 likiachwa lipone, na jino huhitaji muda mrefu kidogo.

Dakika 10 za kwanza

Mara baada ya kutapika, tema kila kilichobaki mdomoni, kisha usukutue. Maji matupu yanafaa na ni bora kuliko kutofanya lolote. Maji yenye bekingi soda yanafaa zaidi, kwa sababu yanaizima asidi badala ya kuipunguza nguvu tu. Chukua kijiko 1 cha chai cha bekingi soda, kisiwe cha mlima, ukoroge katika gilasi moja ya maji safi, kama mililita 250. Sukutua kwa nusu dakika, inua kichwa ili maji yafike kooni na yaguruguze, kisha uteme. Rudia mara moja. Usiyameze, yana chumvi nyingi ya sodiamu, nayo haimfai mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Andaa gilasi hiyo mapema uiweke karibu na karai, maana mtu anayetapika hana nguvu ya kwenda kutafuta kijiko jikoni usiku wa manane.

Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuchanganya bekingi soda na bekingi pauda. Bekingi pauda ina asidi ndani yake, ndiyo inayofanya keki iumuke, na haifai kazi hii. La pili ni kutumia magadi, yale ya kulainishia maharagwe na mboga. Magadi ni jamaa wa bekingi soda, lakini ni makali zaidi na yanaweza kuunguza koo lililokwisha kubabuka. Tena yale yanayotoka katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi, jambo ambalo hatulihitaji zaidi.

Mwenye meno bandia ayatoe na kuyasuuza. Mtoto mdogo asiyejua kutema asipewe maji ya kusukutua. Mfute meno na ulimi kwa kitambaa safi kilicholowa maji.

Mswaki usubiri saa 1 kamili. Wapo wanaosema nusu saa inatosha. Mimi naona saa 1 ni salama zaidi, hasa kwa meno yenye madoa na vishimo. Ukitapika tena ndani ya saa hiyo, hesabu ianze upya. Kanuni hii inahusu pia mswaki wa mti. Ambaye hawezi kuvumilia ladha achukue dawa ya meno kidogo kwenye kidole, aipake taratibu juu ya meno bila kusugua, ateme. Saa ikitimia, piga mswaki laini kwa mkono mwepesi.

Huenda msomaji wa Nakuru akauliza: kama floridi ndiyo iliyoharibu meno yetu, mbona tutumie dawa ya meno yenye floridi? Floridi iliyoleta madoa ni ile iliyomezwa utotoni, ikapita kwenye damu na kuingia katika jino lililokuwa linajengwa. Inayopakwa juu ya jino la mtu mzima kisha ikatemwa haileti madoa. Inasaidia jino lililolainika kukaza. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ipakwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, asimamiwe ili asimeze.

Kulinda koo wakati tumbo linachafuka

Njia bora ya kulinda koo ni kuhakikisha kinachopanda si asidi tupu. Wagonjwa wengi huacha kunywa kabisa wakiogopa kutapika. Matokeo yake ni kutapika tumbo likiwa tupu, pakitoka maji machache makali na nyongo ya manjano au kijani, na huko ndiko kunakounguza zaidi. Anayekunywa kidogo kidogo huweza kutapika pia, lakini kinachotoka kimechanganyika na maji.

Baada ya kutapika subiri dakika 10. Kisha anza mafunda madogo ya maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, yakiwa yamekorogwa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yako, maana pakiti hazilingani. Mtoto apewe kijiko 1 cha chai kila dakika 1 au 2. Gilasi nzima kwa mkupuo hurudi, kijiko hubaki. Kama huna pakiti, lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, vitasaidia mpaka uipate. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo pima, usikadirie. Maji yawe ya baridi kiasi au ya kawaida. Chai ya moto kwenye koo lililobabuka ni kuliunguza mara ya pili.

Limau na soda ndizo tiba ninazokuta mara nyingi katika nyumba zetu, nami nazipinga zote mbili kwa saa hizo. Limau ni asidi. Soda ni asidi pamoja na sukari nyingi, na sukari hiyo huweza kuzidisha kuhara. Mwenye kichefuchefu anayependa tangawizi aichemshe kidogo kwenye maji, aache yapoe, anywe bila limau.

Kutapika kukikoma, anza na uji mwepesi uliopoa. Tumezoea kuutia uji ndimu au kuuchachua. Kwa siku 2 hizi usifanye hivyo. Maziwa lala na mursik navyo visubiri, kwa kuwa ukali wake ni asidi. Viazi vilivyopondwa, wali laini na ndizi mbivu hupita bila kukwaruza. Githeri, mkate uliokauka, krispi na pilipili vikae kando mpaka utakapomeza mate bila kukunja uso. Kijiko cha asali hutuliza koo la mtu mzima na mtoto mkubwa, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa. Kusukutua koo kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya vuguvugu ni jambo zuri, mara 3 au 4 kwa siku.

Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili, kwa ubavu wa kushoto, ili kilichomo tumboni kisirudi kooni usingizini.

Vidonge vinavyoongeza jeraha

Maumivu yakizidi, parasetamo ndiyo dawa inayofaa, kwa kipimo cha umri na uzito. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hukera tumbo ambalo tayari lina jeraha, na kwa mtu aliyepungukiwa na maji huweza kudhuru figo. Aspirini asipewe mtoto.

Jihadhari pia na namna ya kumeza. Kidonge kilichomezwa kwa funda moja la maji huku mgonjwa amelala huweza kunasa njiani na kuchoma kidonda kwenye umio. Doksisaiklini, ambayo hutolewa wakati wa kipindupindu, inajulikana sana kwa jambo hili. Kaa wima, kunywa gilasi nzima ya maji pamoja nayo kwa utaratibu, na usilale kwa nusu saa.

Wakati wa kuacha tiba za nyumbani

Koo linalowaka baada ya kutapika kwa kawaida si hatari. Yapo mambo machache yanayobadilisha hukumu hiyo. Ukiona damu katika matapishi, iwe nyekundu au nyeusi kama machicha ya kahawa, nenda hospitali. Kutapika kwa nguvu huweza kuchana utando mahali umio unapokutana na tumbo. Mara nyingi mchaniko huo hukoma kutoa damu wenyewe, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni baada ya kutapika, pamoja na kuhema kwa shida au kuvimba shingo, huweza kumaanisha umio umepasuka. Hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali dakika hiyo hiyo.

Nenda pia kama huwezi kumeza hata mate, kama maji hayakai tumboni kwa siku nzima, kama hujakojoa kwa saa 8, kama unaharisha maji mengi meupe kama ya mchele, au kama koo halijapata nafuu baada ya wiki. Mtoto mchanga anayetapika kijani, mama mjamzito asiyeweza kubakiza maji, na mwenye kisukari wasisubiri hata hizo saa 8.

Na kama kutapika ni jambo la kila wiki, iwe kwa pombe, kwa kiungulia au kwa mtu anayejitapisha kwa siri ili apungue uzito, bekingi soda italinda meno kidogo lakini haitatibu chanzo. Daktari wa meno anayeona nyuma ya meno ya mbele imelika huwa ndiye wa kwanza kuigundua siri hiyo, naye ana haki ya kuuliza kwa upole.

Ombi langu kwa wenzangu wa zahanati ni dogo. Tunapomkabidhi mgonjwa pakiti za maji ya chumvi na sukari, tumwambie mambo matatu kwa sauti: sukutua kwa bekingi soda uteme, mswaki usubiri saa 1, limau na soda ziache. Na wewe msomaji, usingoje zahanati ikwambie. Kijiko cha chai na gilasi viko jikoni kwako. Bekingi soda, kama haipo, iko kwenye duka la jirani.